Tangi la ghorofa: pampu ya klorini, vidonge au kuosha mara kwa mara?

Msimamizi_Upanga
Wakuu, habari za leo. Nasimamia jengo la ghorofa kumi hapa Dar. Chini kuna tangi la zege la lita 120,000, na juu ya paa kuna simtanki nne za lita 10,000 kila moja. Wapangaji wanatumia kama lita 20,000 kwa siku. Wa juu wanalalamika kwamba maji yana harufu ya kuvunda, hasa asubuhi.

Nilinunua kile kifaa cha kupimia klorini, cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa pinki. Kwenye bomba linaloingia jengoni nilipata miligramu 0.5 kwa lita, tangi la chini 0.2, simtanki ya kwanza 0.1. Simtanki ya nne na bomba la ghorofa ya kumi, hata dalili ya pinki hakuna.

Nimeletewa mapendekezo matatu: pampu ya kudondoshea klorini, vidonge vya kuelea kwenye simtanki, au mkataba wa kuosha matangi kila baada ya miezi mitatu. Bajeti inatosha moja tu. Ningeanza na lipi?

Kibopa_Tabata
Osha, mkuu. Harufu ni uchafu, hakuna siri hapo. Mimi kwangu kila mwezi namwaga jiki lita tano kwenye tangi la elfu kumi, naacha usiku, asubuhi tunatumia. Mwaka wa nne huu hatujaumwa.

Mama_Shamsa
Na sisi Mbagala maji yetu yana chumvi mpaka chai haikolei. Klorini inaondoa chumvi?

FundiMaji
Mama Shamsa, hapana, klorini haigusi chumvi. Fungua mada yako tukusaidie huko.

Kibopa, hesabu yako inanitisha kidogo. Jiki nyingi ni asilimia 3.5, kwa hiyo lita tano zina gramu 175 hivi za klorini. Ukiziweka kwenye lita 10,000 unapata miligramu 17 na ushee kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 5 kwa maji ya kunywa, kwa hiyo mnakunywa zaidi ya mara tatu yake. Na kama ulitaka kuua vijidudu baada ya kuosha, hiyo nayo ni ndogo. Huwa tunaweka 50 kwa saa nzima, kisha tunamwaga yote na kusuuza.

Msimamizi, kabla hujanunua chochote, niambie: bomba la kunyonyea la pampu ya wapangaji linaishia wapi ndani ya tangi la chini? Na humo humo kuna akiba ya zimamoto?

Msimamizi_Upanga
Akiba ipo, lita 60,000. Bomba la wapangaji linaishia katikati ya tangi, la zimamoto linafika chini kabisa. Fundi aliyejenga alisema ni makusudi, wapangaji wasije wakamaliza maji ya kuzimia moto.

FundiMaji
Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nusu ya chini ya tangi haitoki. Inakaa wiki, inakaa miezi, klorini imekwisha zamani, tope linatulia, na yale mapya ya juu yanachanganyikana nayo kidogo kidogo. Jumla una lita 160,000 kwa matumizi ya 20,000. Hata kama yote yangezunguka vizuri, ni siku nane. Kwa joto la Dar klorini ya 0.5 haifiki siku nane.

Dawa yake ni bomba lenyewe. Lirefushe mpaka sentimita 20 juu ya sakafu, usilishushe zaidi litavuta tope. Kisha toboa tundu la milimita 12 hivi ubavuni mwa bomba, sawasawa na usawa wa ile akiba. Pampu yako iko juu ya tangi, siyo? Sasa itanyonya maji ya chini kila siku. Siku maji yakishuka mpaka kwenye tundu, inavuta hewa na kuachia, na lita 60,000 zinabaki salama. Ila weka swichi ya kuzima pampu juu kidogo ya tundu, la sivyo itazunguka kavu na kuungua. Na waone kwanza watu wa zimamoto, maana unagusa akiba yao.

Bint_Pwani
Nakubaliana na FundiMaji kwa chini, lakini paa umelisahau. Msimamizi, simtanki zako zimepangwa mstari mmoja, na bomba la kuingiza na la kutoa yote yako upande wa simtanki ya kwanza?

Msimamizi_Upanga
Ndivyo hivyo. Umejuaje?

Bint_Pwani
Ya nne haina klorini kabisa, ndiyo maana. Maji yanapita njia fupi: yanaingia ya kwanza, yanatoka ya kwanza. Ya nne inapanda na kushuka kidogo tu pamoja na wenzake. Panda saa nane mchana, gusa ubavu wa kila simtanki chini ya usawa wa maji. Ile yenye joto kuliko nyingine ndiyo iliyolala. Hamisha bomba la kuingiza liende upande wa ya nne, la kutoa libaki kwa ya kwanza, yote yalazimike kupita.

Vidonge vya kuelea achana navyo. Vingi ni vya mabwawa ya kuogelea, na vinayeyuka tu, maji yatumike yasitumike. Sikukuu watu wakisafiri, wakirudi wanakuta maji yanawasha macho.

Mzee_wa_Kazi
Mnamzungusha huyu. Afunge simtanki mbili, abaki na lita 20,000 juu. Gharama sifuri.

Bint_Pwani
Mzee wangu, na siku ya kuosha tangi la chini? Halina ukuta wa kuligawa, lazima likauke lote. Hizo 40,000 za juu ndizo siku mbili za kufanyia kazi. Na umeme ukikatika?

Mzee_wa_Kazi
Jenereta ipo majengo mengi siku hizi. Kuosha ni mara moja au mbili kwa mwaka, siku hiyo atafungua zote. Mimi bado nasema mbili.

Nungwi_Hoteli
Kwetu msimu wa mvua wageni hawapo, vyumba sita kati ya arobaini. Tulikuwa na pampu ya klorini nzuri tu na harufu ikabaki, maana maji yalikuwa yanalala kwenye mabomba ya vyumba vitupu. Sasa mhudumu anafungua kila bomba dakika chache mara moja kwa wiki. Na neno moja kuhusu kuosha: msiruhusu mtu ashuke kwenye tangi la chini na pampu ya petroli. Moshi wake unajaa humo, mtu anaanguka hata hajaita. Pampu ya umeme, feni, na mtu wa kubaki mdomoni mwa tangi.

Msimamizi_Upanga
Wakuu, mrejesho baada ya wiki tano. Zimamoto walikuja, wakakubali. Tuliosha tangi la chini, tope lilikuwa linafika kwenye kifundo cha mguu, jeusi, linanuka yai bovu. Bomba limerefushwa, tundu limetobolewa, na juu tumegeuza njia ya kuingizia. Simtanki zote nne nimeziacha.

Jana: simtanki ya nne 0.3, ya kwanza 0.2, ghorofa ya kumi 0.1. Harufu imekwisha, ila nyumba moja ambayo mwenyewe yuko safarini bado sifuri.

FundiMaji
Umefika pazuri. Sasa ndiyo useme habari ya pampu ya klorini, iwe kwenye bomba linalopanda paani, ifuate mita ya maji na siyo saa. Kuongeza 0.3 kwa lita 20,000 ni gramu 6 za klorini kwa siku, yaani gramu 9 hivi za ule unga wa asilimia 65. Kijiko tu.

Mzee_wa_Kazi
Au afunge mbili.