Tupeane uzoefu: gari limegongwa, walipe matengenezo au thamani?

Mwana Kilifi
Wadau, Probox yangu ya kubebea mboga ilipigwa ubavuni na lori pale Mtwapa. Lori ndilo lenye makosa, hilo halina ubishi. Mkadiriaji wa bima yao ameandika hivi: thamani ya gari kabla ya ajali ni shilingi 620,000, matengenezo 540,000, na mabaki yatauzika 130,000. Mimi nataka litengenezwe, kwani 540 si ndogo kuliko 620? Wao wanang'ang'ania kunipa 490,000 nibaki na gari langu. Na mboga zangu zinapanda gari la kukodi kila siku. Mliopitia haya mlimalizanaje?

Fundi Bodi
Hiyo 540 ni ya macho tu, kabla ya kufungua. Jaribu mlango wa upande ambao haukugongwa. Ukiona unakwaruza au haushiki komeo vizuri, bodi imevutika na bei itapanda.

Bahari Tulivu
Bila risiti za gereji hupati hata senti. Tengeneza kwanza, udai baadaye.

Wakili Mstaafu
Hapana, Bahari. Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Nkuene Dairy ya 2010, ilisema si lazima uwe umeshatumia pesa. Kinachotakiwa ni kuonyesha ukubwa wa uharibifu na gharama ya kulirudisha gari kama lilivyokuwa. Ripoti ya mkadiriaji inaweza kutosha. Risiti zinatakiwa kwenye gharama ulizokwisha kulipa, kama hilo gari la kukodi.

Kaka wa Kilifi, hesabu yako imesahau mabaki. Ukichukua 620,000 ukatoa 130,000, hasara yako ni 490,000. Ukipewa 540,000, mwenye lori atakuwa amekulipa zaidi ya ulichopoteza. Kwa kawaida mahakama hufuata njia iliyo nafuu, isipokuwa gari lenyewe liwe la aina ambayo hulipati tena sokoni. Probox zimejaa.

Kwa hiyo usigombanie 540, gombania hizo namba nyingine mbili. Tafuta mkadiriaji wako mwenyewe, umpe matangazo ya Probox za mwaka na kilomita kama za yako. Halafu waambie bima wakuletee kwa maandishi mnunuzi wa mabaki kwa 130,000. Mnunuzi halisi akitoa 80,000, malipo yako yanapanda hadi 540,000, na gari bado ni lako.

Mkaazi wa Tegeta
Mimi nina bima kubwa huku Dar, na kampuni imenikata pesa ya mwanzo kwenye malipo, ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe. Hiyo nayo naidai kwa njia hii?

Wakili Mstaafu
Mdogo wangu, wewe na kampuni yako mnafungwa na mkataba wenu, usome. Mwenzako anamdai mgeni aliyemgonga. Ila kama aliyekugonga ana makosa, hicho ulichokatwa mdai yeye.

Mama Salha Likoni
Nijibu la kukodi. Taksi yangu iligongwa na tukaenda kortini. Nilidai miezi sita, shilingi 4,000 kwa siku. Hakimu aliuliza gereji ingechukua muda gani. Ripoti ilisema siku 14. Nikapewa hizo siku 14, tena baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva. Kilichoniokoa ni daftari la mapato na stetimenti ya M-Pesa. Jirani yangu alikwenda na karatasi aliyoiandika usiku wa kuamkia kesi, akarudi mikono mitupu.

Bahari Tulivu
Lakini mama, kama mtu hana pesa ya kutengeneza, na aliyemgonga halipi, kosa ni la nani hizo siku zikizidi?

Wakili Mstaafu
Hapo mahakimu wanatofautiana. Uingereza walilegeza mwaka 2003 katika Lagden dhidi ya O'Connor: umaskini wa mdai unaweza kuhesabiwa. Kwetu bado mdai anabanwa apunguze hasara. Ndiyo maana namshauri aandike barua leo: gari nalitegemea kwa biashara, sina uwezo wa kulitengeneza, nalipeni mapema. Gari likihesabiwa limekufa, muda utakaopimwa si wa gereji tena, ni ule wa kutosha kutafuta jingine. Na dai la kukosa matumizi litajwe kwenye hati ya madai kwa tarehe na kiasi, ukilisahau limekwenda.

Mwana Kilifi
Gari la kukodi nalilipa taslimu, hakuna karatasi.

Mama Salha Likoni
Kuanzia kesho mlipe kwa simu, mwanangu. Na za nyuma mwambie mwenye gari aandike na asaini, awe tayari kuja kutoa ushahidi. Mahakama ya Madai Madogo inapokea mpaka milioni moja, yako inaingia.

Fundi Bodi
Liko yadi ya nani sasa hivi? Kama wanakutoza kwa siku, liondoe kwanza.