Tupeane uzoefu: zawadi za laivu ya TikTok, ulipozitoa kuwa pesa ulibaki na ngapi mkononi?

Msusi_Nkuhungu: Jana nimeona dada kaangushiwa zawadi ya simba kwenye laivu, analia kwa furaha, nikakumbuka yangu. Mimi nasuka mchana, usiku napiga laivu. Tulikuwa kwenye mechi ya dakika tano, tunashindana nani atapata zawadi nyingi, nimeachwa mbali, sekunde za mwisho shabiki mmoja wa Oman akatupa simba. Sarafu 29,999! Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Kwenye komenti wakanihesabia: simba ni dola 400, una milioni dada. Asubuhi nikashuka Majengo, nikachukua draya kwa mkopo, nikaahidi kumaliza ndani ya wiki. Kufungua salio: dola 150. Nikajua nimeibiwa. Halafu sikuwa na njia ya kuzitoa, kuna jamaa akanitolea kwa akaunti yake, akakata asilimia 15, na akakaa nazo wiki tatu. Draya ikarudi dukani.

Kisasa_Boy: Pole. Mtandao unakula nusu, kila mtu anajua.

Fundi_AreaC: Nusu unayoisema ni ya nini? Kwa TikTok, zawadi ya sarafu moja ikifika kwako ni almasi moja, na almasi unalipwa nusu senti ya dola. Simba 29,999 mara 0.005 ndiyo hiyo 150. Aliyenunua sarafu ndani ya app kalipa karibu 400, kwa sababu duka la app nalo lina fungu lake. Akinunua kwenye tovuti anazipata kwa bei ya chini, lakini wewe bado unapata 150 ileile. Kwa hiyo hesabu almasi zako, bei aliyolipa shabiki iache.

Kisasa_Boy: Sasa si nimesema wanakula nusu?

Fundi_AreaC: 150 kwenye 400 haifiki nusu, kaka.

Mama_Kwaya: Sisi kanisani Ipagala tunarusha ibada. Waumini wakituma maua, hiyo ni sadaka kamili?

Fundi_AreaC: Hapana mama. Ua moja la sarafu moja linafika nusu senti. Waandikieni namba ya simu ya kanisa, watume huko.

Mama_Kwaya: Vijana wanasema maua yanachangamsha ibada. Nitawaambia.

Chang'ombe_Live: Msusi, jiunge na wakala wa watu wa laivu, wanakupangia mechi na wapinzani wakubwa.

Msusi_Nkuhungu: Na kukaa hewani masaa wanayotaka wao? Nani atasuka?

Chang'ombe_Live: Mimi wamenisaidia.

Kisasa_Boy: Mimi nilitoka. Kila mtu na wakala wake.

Msusi_Nkuhungu: Fundi, nikitaka kutoa bila yule jamaa nifanyeje?

Fundi_AreaC: Kabla ya laivu nyingine ingia sehemu ya kutoa, uone njia zinazokuja kwa akaunti ya Tanzania. Jina la huko lifanane na la kitambulisho chako. Usipoona njia ya kwako, usikope kitu.

Msusi_Nkuhungu: Naangalia sasa hivi.