Imeili imetoka kwa wakala wetu wa mizigo au ni matapeli? Anwani iko sahihi kabisa

MamaVipuri: Habari wakuu. Nauza vipuri Kariakoo, mzigo uko njiani kutoka Dubai. Leo asubuhi wakala wa mizigo kaniandikia kwamba akaunti yao ya benki imebadilika, nilipe dola 4,860 kwenye mpya kabla ya saa kumi. Namba ya ankara ni yenyewe. Nimebonyeza jina la mtumaji, anwani ni ileile ya siku zote, herufi kwa herufi. Mwanangu kafungua Gmail kwenye kompyuta, akabonyeza vidoti vitatu, kisha "Show original", akatoa haya. Majina nimeyabadilisha:

```
Return-Path: <bounce@mail-77.example>
Authentication-Results: mx.google.com;
  dkim=pass header.i=@mail-77.example;
  spf=pass smtp.mailfrom=mail-77.example;
  dmarc=fail (p=NONE) header.from=mizigo.example
From: "Mizigo Accounts" <accounts@mizigo.example>
Reply-To: <accounts.mizigo@posta.example>
```

Nilipe?

Kijana_Kkoo: SPF pass, DKIM pass, hiyo ni halali, dada. Matapeli hawapati pass mbili. Lipa mzigo usije ukalala bandarini ukaanza kudaiwa gharama za kuhifadhi.

BabuShamba: Hata mimi niliandikiwa kutoka anwani YANGU MWENYEWE, eti wamenirekodi, nitume bitcoin. Badili nywila haraka, mama, umeingiliwa.

FundiMitambo: Dada, usilipe kwanza. Kijana, hizo pass umezisoma nusu. Tazama ni za nani.

Fikiria barua ya posta. Nyuma ya bahasha kuna anwani ya kurudishia, ndani kuna karatasi yenye jina juu. SPF inakagua bahasha tu, yaani Return-Path. Hapa bahasha ni ya mail-77, na seva iliyotuma inaruhusiwa na mail-77, basi pass. DKIM nayo ni muhuri, lakini muhuri wenyewe ni wa mail-77. Tapeli akinunua domeni yake akaipanga vizuri, pass zote mbili anazipata bila shida. Wewe machoni unaona From, na hiyo ni karatasi ya ndani: mtu yeyote anaandika jina alitakalo.

DMARC ndiyo inayouliza kama walau mmoja kati ya bahasha na muhuri unakubaliana na From. Hapa hakuna, ndiyo maana fail. Na ile p=NONE maana yake wakala wako hajaagiza barua za namna hii zikataliwe, ndiyo ikapenya mpaka kwenye kikasha chako.

Babu, yako ni mchezo uleule wa From. Kuona anwani yako pale si ushahidi kwamba wameingia.

Mhasibu82: Fundi, usiihukumu fail peke yake. Ofisini kwetu ankara zinatumwa na programu ya nje, na mpaka mwaka jana zilikuwa zinafeli DMARC kila siku. Barua halali kabisa, ni sisi hatukupanga mambo.

FundiMitambo: Kweli, mhasibu. Kwa hiyo fungua barua ya zamani ya wakala huyohuyo, ile uliyolipia mzigo ukafika, uilinganishe na hii. Lakini kinachonitisha zaidi ni Reply-To. Ukibonyeza kujibu ili umuulize "ni kweli mmebadilisha?", swali lako linakwenda posta.example, na tapeli mwenyewe atakujibu kwa upole, "ndiyo, dada".

Kijana_Kkoo: Basi aangalie mistari ya Received, ule wa chini kabisa unaonyesha IP ya aliyetuma.

FundiMitambo: Unaweza kuonyesha, unaweza pia kudanganya. Kila seva inaongeza mstari wake juu, kwa hiyo safari inasomwa kutoka chini kwenda juu. Wa kuamini ni ule ulioandikwa na Google alipopokea. Ya chini yake tapeli anaweza kuibandika kabla hajatuma.

MamaVipuri: Nimerudi. Barua ya mwezi wa tatu: SPF, DKIM na DMARC zote pass, zote za mizigo.example, wala Reply-To haina. Nikapiga simu kwa namba iliyo kwenye risiti ya zamani, si ile ya kwenye barua. Akaunti haijabadilika! Sasa namba ya ankara yangu waliijuaje?

FundiMitambo: Huenda kuna mtu anasoma barua za mmoja wenu. Ingia kwenye mipangilio ya Gmail, utazame "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP". Na kama aliyeingiliwa ni wakala, barua inayofuata inaweza kutoka ndani ya kasha lake halisi, na hapo DMARC itasema pass. Heda haitakusaidia, itabaki simu.

MamaVipuri: Kwangu hakuna kichujio wala mahali inapotumwa. Wakala anasema atamuuliza mtu wake wa kompyuta. Tangu saa sita kimya.

BabuShamba: Kwa hiyo mimi nisibadilishe nywila?