Naomba ushauri: nianze na jedwali au grafu kufundisha derivativu?

Wenzangu walimu, hamjambo? Naandaa mhadhara wa saa moja kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza hapa Nairobi. Gari linang'oa nanga Thika Road, na baada ya sekunde t limeenda mita s = 2t². Spidomita inasoma ngapi sekunde ya 3? Kutoka sekunde ya 3 hadi ya 4, wastani ni mita 14 kwa sekunde, hadi 3.1 ni 12.2, hadi 3.01 ni 12.02. Wanaona wazi tunakaribia 12.

Kwenye aljebra ndipo wanakwama: wanaweka h = 0 mapema, wanapata 0/0, kabla ya kurahisisha (12h + 2h²)/h iwe 12 + 2h. Je, sekanti inayoelekea kuwa tanjenti itangulie jedwali?