Naomba ushauri: alama ya njano kwa sababu ya jina la Faki?

Wangwana salaam, niko Lamu, nina chaneli ndogo ya YouTube ya mambo ya majahazi. Juzi nimeweka video ya dakika 14 nilorikodi Matondoni, fundi akitia kalafati, hamna tusi wala ugomvi, ikapata alama ya dola ya njano, Limited or no ads. Tittle safi, picha ya nje ni jahazi tu, nikashangaa.

Nikaingia Subtitles kusoma maneno ilioandika yenyewe, ndo nkaona kila nikimwita fundi, Bwana Faki, imeandikwa [ __ ], yani imefichwa kama tusi la kizungu! Lugha ya video niliweka English sababu nusu naongea na wageni. Na nimemwita kama mara 30 hivi (mdomo wangu huu). Tusi moja moja siku hizi halikuangushi, lakini likirudiwa video nzima matangazo hupungua, kwa hiyo nadhani ndo kisa.

Sasa nahofia kubonyeza Request review, mtu wao akishaamua ndo basi, hairudiwi. Kukata hayo majina kwa editor video itabaki vipandevipande, na nikipakia upya views 9,000 zapotea. Vijisenti vya wanaolipia Premium bado vyaingia, ila ni kidogo.

Je nisahihishe maandishi na lugha kwanza ndo niombe, au niombe hivi hivi maana mtu akisikiliza atajua ni jina? Aliepatwa na kitu kama hiki na Kiswahili chetu anambie ilikuwaje.