Siku mbili Dar, mara ya kwanza: biriani, chipsi mayai au ugali na samaki?

Binti_Nakuru
Jamani watu wa Dar hamjambo. Niko Nakuru, nakuja huko na bus, nafika Ijumaa asubuhi na narudi Jumapili alfajiri, kwaiyo niko na siku mbili tu na sijawahi kufika. Nimeuliza watu watatu kila mtu ananiambia chake. Mmoja anasema nisiondoke bila chipsi mayai, mwingine biriani ya Ijumaa Kariakoo, mwingine niende Feri nile samaki na ugali. Pesa yangu si nyingi na chakula cha hoteli kubwa sitaki, nataka vile wenyeji wanakula. Nianze na gani na niache gani? Alafu mnakula aje, mkono ama kijiko? Ntalala kwa rafiki yangu ameolewa Magomeni, familia ya Kiislamu, na sitaki kumuaibisha kwa wakwe zake.

kijana_wa_sinza
Karibu sana dada. Chipsi mayai bila kufikiria mara mbili, kila kona ipo na bei yake haiumizi. Biriani usihangaike nayo kama pilau ushakula huko kwenu, biriani ni pilau tu imewekewa mchuzi juu. Af ukipata nafasi kula urojo, ndo chakula chetu cha Dar.

Mzee_Ilala
Kijana hapo kwenye chipsi uko sawa, kwenye biriani umempoteza mgeni. Pilau inapikwa sufuria moja, unakaanga vitunguu mpaka vinakuwa vya kahawia, unatia nyama na viungo, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga, kisha mchele unaivia ndani ya supu ya ile ile nyama ndo maana wali wenyewe unakuwa na rangi na ladha. Biriani ni vyungu viwili. Wali unachemshwa peke yake unachujwa na kutiwa rangi kidogo, na masala yanapikwa peke yake, nyama au kuku na vitunguu vingi sana vya kukaanga, nyanya, maziwa ya mgando, viazi, mpaka rojo linakuwa zito mafuta yanaelea juu. Vinakutana kwenye sahani. Kwaiyo mtu aliyekula pilau hajala biriani hata kidogo.

Na urojo ni wa Zanzibar, huku unauzwa ndio, lakini kama siku ni mbili na Unguja haendi mi singempotezea mlo wa mchana kwa ajili yake.

Sasa dada nikujibu swali lako. Usichague kimoja, vyote vitatu vinaingia ila kila kimoja kina saa yake, na wageni wengi wanakosea hapo, wanatafuta biriani usiku na chipsi mayai saa nne asubuhi alafu wanasema chakula cha Dar hakina ladha. Biriani ni Ijumaa mchana. Wapishi wengi wa mtaani wanaipika siku hiyo hiyo, watu wakitoka msikitini kwenye saa saba foleni inaanza, ukichelewa mpaka saa tisa unakuta masala yamebaki viazi na mifupa. Samaki wa Feri ni Jumamosi mapema. Chipsi mayai ni jioni, jua likizama, pale mafuta yanapokuwa ya moto muda wote kwasababu wateja hawakatiki.

MamaWatatu_Tbt
Mimi jamani nina vidonda vya tumbo na biriani ilinilaza siku mbili na kiungulia, zile pilipili na mafuta siwezi kabisa. Naomba kuuliza kwa mtu kama mimi ni kipi salama maana hata chipsi zinanisumbua. Huwa nakula ndizi nyama tu.

Mzee_Ilala
Mama pole sana. Ndizi nyama ya mchuzi mwepesi endelea nayo, au mtori asubuhi, wapishi wa Kichaga wanao sehemu nyingi mjini na ukisema usitiwe pilipili wanakuelewa. Ila mwenzetu hajasema anaumwa, tumwache ale.

chipsi_Mwananyamala
Mi nakaanga chipsi mwaka wa tisa sasa ngoja niseme ya kwangu maana watu wanakula zege, yaani chipsi mayai, mbovu na hawajui kwanini. Viazi tunakaanga mara ya kwanza mapema vinakaa kwenye kabati la kioo. Mteja akija, kile kiasi chake kinatakiwa kirudi kwenye mafuta ya moto kidogo kwanza mpaka nje viwe vikavu, ndo viende kwenye kikaango kidogo chenye mafuta kijiko kimoja, mayai mawili yaliyopigwa na chumvi yanamwagwa juu, unasubiri upande wa chini ushike, unafunika na sahani unageuza, unamalizia upande wa pili. Mpishi mvivu anachukua viazi vya baridi kabatini anatupa kwenye kikaango moja kwa moja anamwagia yai. Utajua vipi? Ukikata katikati kiazi ni kilaini kama kimelowa na yai ndani linateleza bado bichi. Dada ukifika agiza hivi, "nipashie chipsi kwanza, na yai likauke". Hakuna atakayekasirika ni maneno ya kawaida. Na angalia mafuta kabla hujaagiza, yakiwa meusi yana povu pita nenda kwa mwingine, hata kama mate yanakutoka.

Kachumbari iwe pembeni, isiwe juu. Ukiimwaga juu yai linalowa.

kijana_wa_sinza
Kachumbari juu bana, ndo utamu wenyewe, na tomato sosi na pilipili vyote juu. Kuhusu biriani nimekuelewa mzee, kwetu nyumbani walikuwa wanamwagia mchuzi kwenye pilau wanaita biriani nikajua ndo hivo.

Binti_Nakuru
Asanteni sana, mzee hiyo ya saa imenisaidia kabisa. Na hiyo Feri mtu anafanya aje, nanunua samaki mbichi alafu? Na jibu la mkono ama kijiko bado sijapata.

Shangazi_Kigamboni
Mwanangu mi navuka na pantoni kila siku, Feri ndo njia yangu. Nenda saa moja moja hivi au saa mbili asubuhi. Kwenye mnada usiingie, pale wanauziwa wachuuzi kwa mafungu na sauti ni nyingi utachanganyikiwa, we nenda kwenye meza za rejareja. Chagua changu au kibua wa kukutosha. Muinue umuangalie jicho, liwe limejaa linang'aa, likizama ndani na kuwa na ukungu mrudishe. Fungua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi, ukiona shimo limebaki huyo kalala kwenye barafu siku nyingi. Ukishanunua kuna wanaoparua magamba na kutoa matumbo, halafu kuna wakaangaji palepale na makarai yao makubwa. Kila mmoja ana malipo yake, kwaiyo bei ya kuparua na bei ya kukaanga uliza KABLA hujamkabidhi samaki. Mgeni anamkabidhi kwanza anauliza baadae, hapo ndo maneno yanapoanza. Mwambie amchane ubavuni mara tatu chumvi na ndimu ziingie, na akauke.

Ila mi nakwambia ukweli wangu, samaki wa kukaanga peke yake unamjua nusu. Samaki wa nazi ndo Pwani. Kama huyo rafiki yako anapika, nunua mbichi upeleke Magomeni akupikie na tui zito, ule na wali.

Mzee_Ilala
Shangazi tui zuri sikatai, lakini samaki wa asubuhi aliyetoka majini usiku ule, ukimtia nazi unamficha. Chumvi, ndimu, ugali wa moto, basi.

Shangazi_Kigamboni
Hapo hatutakubaliana mpaka kesho kaka yangu.

Turudi kwa mtoto kuhusu mkono. Ugali mkono, hilo unalijua. Wali na biriani kwa mama ntilie utapewa kijiko na hakuna anayekutazama, wengi wanakitumia. Nyumbani ndo tofauti, Ijumaa kuna uwezekano mkubwa mkala kwenye sinia mmekaa mkekani. Atakuja mtu na birika na beseni, mara nyingi mdogo wa nyumba, wewe kinga mikono anakumiminia, ukimaliza mshukuru. Mkono wa kulia tu, hata kama wewe ni wa kushoto. Kula pale mbele yako, usivuke kwenda upande wa mwenzio, na nyama iliyo katikati usiivamie, subiri mkubwa aigawe akusogezee upande wako. Wali unaukusanya kwa ncha za vidole unaubana kidogo unausukuma na gumba mdomoni, kiganja kibaki kikavu. Ukishiba usinyanyuke ghafla, sema "alhamdulillahi" kama ni desturi yako au "nimeshiba, asanteni". Watakwambia ongeza, hiyo ni heshima, unakataa mara mbili kwa upole na wanakuacha.

Na njiani ukipita watu wanakula wakasema "karibu", jibu "asante, starehe" uendelee. Siyo kwamba wamekuwekea nafasi ila ukikaa kweli watakupa.

msafiri_Arusha
Asubuhi hamjamwambia! Jumamosi kabla ya Feri anywe supu. Supu ya ng'ombe au makongoro na chapati mbili, ndimu na pilipili pembeni, saa mbili asubuhi vijiwe vimejaa. Mi mara ya kwanza Dar nilishangaa watu wanakula nyama asubuhi vile.

Shangazi_Kigamboni
Supu na samaki asubuhi moja tumbo la nani? Supu iwe Ijumaa akishuka kwenye bus, maana biriani ni saa saba, patakuwa na nafasi katikati.

Binti_Nakuru
Nimerudi Nakuru jana, nimesema lazima niwaambie. Ijumaa supu nilikunywa ndogo bila chapati ya pili. Biriani tulikula nyumbani Magomeni si Kariakoo, mama mkwe alipika mwenyewe ya kuku, sinia moja watu sita, na ile ya kusubiri nyama isogezwe niliona kwa macho yangu, yule mama alikuwa anachambua mfupa anasukuma minofu upande wangu mpaka nikaona aibu kukataa. Mchele uliniangukia mkekani mara ya kwanza, nikakumbuka kubana na gumba, baadae ilikubali.

Chipsi mayai nilisema vile nimefundishwa, "nipashie kwanza na yai likauke", kijana akaniuliza wewe ni wa hapa? Ilikuwa nzuri sana, na kijiti cha meno badala ya uma nimependa. Kachumbari nilijaribu juu nusu na pembeni nusu. Samahani wa Sinza, pembeni.

Feri niliuliza bei ya kuparua nikasahau ya kukaanga, ikabidi nilipe zaidi ya vile nilidhani. Lakini huyo changu... ugali wenu ni laini kuliko wetu, tonge linashikana na mkono kidogo, nilikuwa nadip kwa maji ya kunawa mpaka rafiki yangu akaniambia wacha. Swali langu moja limebaki, ule mchuzi mwekundu wa pilipili waliniwekea na samaki uko na nini ndani? Nilionja ndimu na kitunguu saumu, kuna kitu kingine kitamu kama tunda.

Mzee_Ilala
Inawezekana ukwaju, wengine wanatia embe bichi. Ulikuwa mzito au mwepesi?

chipsi_Mwananyamala
Kama ulikuwa mzito unang'aa hiyo ni ukwaju umechemshwa na sukari kidogo. Embe haliwi jekundu hivo.