Kivuko kinachosahau kitufe: hiki kidhibiti kilipitaje ukaguzi?

fundi_taa
Wakuu, nina hasira na sitazificha. Kuna kivuko cha watembea kwa miguu huku Tabata, jirani na shule, watoto wanabonyeza kitufe, wanasubiri, magari yanapita tu. Mtaani wanasema kitufe kibovu. Kitufe ni kizima! Kibovu ni mantiki ya kidhibiti, na yeyote mwenye saa anaweza kuhakikisha.

Subiri magari yapewe kijani. Ikifika sekunde ya 10, bonyeza mara moja, achia. Utasimama hapo mpaka uchoke. Raundi nyingine bonyeza kijani ikiwa na sekunde 40: njano inakuja papo hapo. Ukijaribu 15, 18, 21, utaona mpaka uko kwenye 20. Yaani programu haijali kitufe mpaka muda wa chini wa kijani uishe, na aliyebonyeza kabla hakuandikwa popote. Hata taa ndogo ya SUBIRI inawaka kidole kikiwa juu tu. Ndani lazima kuna kitu cha namna hii:

```
case MAGARI:
  if (kitufe && muda >= 20) nenda(NJANO);
  break;
```

Mkaguzi akifika kijani imeshakaa dakika nzima, akabonyeza, atakiona kinafanya kazi. Mtoto anayefika magari yakiwa ndiyo kwanza yameruhusiwa ndiye anayeumia. Dawa yake ni hii tu:

```
if (kitufe) ombi = true;   // nje ya switch, kila mzunguko

case MAGARI:
  if (ombi && muda >= 20) nenda(NJANO);
  break;
```

mwanachuo_umeme
Mkuu, shida ni kwamba wametumia mashine ya Moore. Taa zinafuata hali peke yake, hazitazami kitufe, ndiyo maana kinasahaulika. Wangetumia Mealy, inayotazama hali na kitufe kwa pamoja, taa zingejibu palepale.

mzee_wa_rilei
Mdogo wangu, sentensi ya pili iko sawa, hitimisho siyo. Taa kufuata hali peke yake ndiyo kinga yetu. Kitufe kikibonyezwa, vyuma vyake vinadundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Ukiruhusu hilo lifike kwenye taa moja kwa moja, taa nayo itadundadunda.

Moore inakumbuka kwa hali zake. Igawe MAGARI iwe MAGARI_TUPU na MAGARI_OMBI. Zote mbili zinawasha kijani kwa magari na nyekundu kwa watu, ila ya pili inawasha na SUBIRI. Kubonyeza kunakutoa ya kwanza kukupeleka ya pili, na kutoka ya pili kwenda NJANO kunangoja sekunde 20. Hiyo `ombi` ya fundi ni ugawaji huohuo umeandikwa kwa kifupi.

Mtego uko kwenye saa. Ukiingia MAGARI_OMBI usianze kuhesabu upya, la sivyo aliyebonyeza sekunde ya 19 atasubiri mpaka ya 39. Na kama kila mbonyezo unarudisha saa sifuri, watoto wanaobonyeza mfululizo wanajifungia njia wenyewe.

mpita_njia_dsm
Mnahangaika bure. Bodaboda hawasimami hata taa ikiwa nyekundu.

fundi_taa
Hilo ni kweli na linauma, ndugu, lakini lifungulie uzi wake. Hapa nyekundu yenyewe haiji.

kit_ya_kariakoo
Samahani, mimi nina kivuko cha mfano kwenye Arduino. `ombi` nimeiweka kama ilivyo hapo juu na bado mibonyezo inapotea. Kijani nimeiandikia `delay(20000)`.

mzee_wa_rilei
Hiyo `delay` ndiyo inayokula mibonyezo. Kwa sekunde 20 programu imelala, mstari wa kusoma kitufe haupitiwi. Tunza wakati wa kuingia kwenye hali, kisha `muda` uupate kwa `(millis() - mwanzo) / 1000`. Na `ombi` unaifuta wapi?

kit_ya_kariakoo
Mwisho kabisa, magari yakirudishiwa kijani.

fundi_taa
Hapo unamdhulumu mtu. Barabara ya mita 14, mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, MALIZIA, ile hali inayofuata TEMBEA, inahitaji karibu sekunde 12 ili aliye katikati afike. Anayefika wakati huo hatakiwi kuanza kuvuka, kwa hiyo anabonyeza, halafu wewe unamfuta. Futa unapoingia TEMBEA.

mzee_wa_rilei
Napingana kidogo. Ukifuta mlangoni tu, anayebonyeza TEMBEA ikiwa inawaka anavuka zake, na baada ya sekunde 20 magari yanasimamishwa bila mtu. Mimi naifuta muda wote wa TEMBEA, napokea kuanzia MALIZIA.

fundi_taa
Na mlemavu aliyebonyeza sekunde ya mwisho ya TEMBEA, akaona hawahi? Ombi lake limefutwa na hajui. Heri magari yasimame bure mara moja.

mzee_wa_rilei
SUBIRI haitawaka, ataona abonyeze tena.

fundi_taa
Na asiyeona?